Neno kuu lisifichwe nyuma ya 'See more'

Mwanzoni mwa Aprili nilikuwa nyumbani Kwanza, katika kaunti ya Trans Nzoia, shemeji yangu wa Kimilili alipobisha hodi saa sita mchana, viatu vimejaa tope na mkoba mtupu. Alikuwa ameondoka kwake alfajiri, akapanda matatu, akapita Kamukuywa na Kiminini hadi Kitale kununua magunia mawili ya mbolea ya kupandia. Alipofika kwenye ghala alikuta lango limefungwa na bawabu akiwaambia wakulima waliofurika pale kwamba mauzo yalisongeshwa hadi wiki ijayo. Badala ya kurudi Kimilili moja kwa moja alipitia kwetu, maana hasira nayo hutaka msikilizaji.

"Shemeji, si wameandika Jumatano? Hebu ona mwenyewe. Ama mimi ndiye sijui kusoma?"

Akanipa simu. Shemeji yangu anajua kusoma, tena vizuri. Nilichokiona kwenye kioo cha simu ile ndicho kilichonifanya niandike makala haya, kwa sababu kosa halikuwa la msomaji wala la mtandao. Lilikuwa kosa la sentensi.

Shirika moja la wakulima, ambalo sitalitaja, lilikuwa limechapisha kwenye Facebook picha ya magunia yaliyopangwa vizuri, na chini ya picha likaweka maelezo. Sentensi ya kwanza ya maelezo hayo ilikuwa hivi:

"Uongozi na wanachama wote wa shirika letu wanayo furaha kuwasalimu wakulima wetu wapendwa wa Kwanza, Kitale, Kiminini, Endebess na Bungoma, na kuwakumbusha kuhusu uuzaji wa mbolea ya kupandia uliotangazwa kufanyika Jumatano hii saa tatu asubuhi katika ghala letu mjini Kitale, ambao kutokana na kuchelewa kwa malori umeahirishwa hadi Jumatatu ijayo."

Mwalimu wa sarufi hataiona kasoro. Upatanisho wa kisarufi umezingatiwa: uuzaji ulitangazwa, uuzaji umeahirishwa. Adabu imo, sababu imo, tarehe imo. Lakini katika simu ya shemeji yangu sentensi hiyo ilikatika baada ya maneno "mjini Kitale", zikafuata nukta tatu na yale maneno mawili ambayo sisi sote tumeyazoea, See more. Kilichobaki juu ya mkato ule kilikuwa mwaliko kamili: mbolea, Jumatano, saa tatu asubuhi, Kitale. Kilichofichwa chini yake kilikuwa kinyume cha mwaliko huo.

Utasema, "Si angebonyeza tu?" Nami nilimuuliza hivyo hivyo. Jibu lake lilininyamazisha. Yeye hakuliona tangazo lenyewe kwenye Facebook. Jirani yake aliliona, akapiga picha ya kioo cha simu, akaitupa katika kundi la WhatsApp la akina mama wa chama chao. Ndani ya picha, See more haibonyezeki. Ni mchoro tu. Sehemu iliyokatwa ilikuwa imekatwa milele, na watu zaidi ya shemeji yangu wakaamka alfajiri kwa ajili ya nusu ya sentensi.

Kabla ya kumlaumu mwandishi wa tangazo, tufahamu kwanza kisu hiki hukata vipi. Si kila mtandao hukata mahali pamoja. Instagram inamruhusu mtu kuandika maelezo ya picha hadi herufi 2,200, lakini kabla msomaji hajabonyeza humwonyesha takriban herufi 125 tu, ukihesabu pamoja na nafasi na alama za uandishi. Facebook haina hesabu moja ya kudumu. Mkato wake hutegemea mistari, na mistari hutegemea upana wa simu, ukubwa wa maandishi na kama kuna picha au la. Hii ina maana kwamba watu wawili waliokaa benchi moja katika stendi ya Kitale wanaweza kuliona tangazo lile lile likikatwa katika maneno tofauti. Mzee aliyekuza maandishi ya simu yake kwa sababu ya macho huona maneno machache zaidi katika kila mstari, kwa hiyo yeye ndiye anayekatiwa mapema kuliko wote. Na mstari mtupu nao ni mstari. Anayeandika "TANGAZO! TANGAZO!" kisha akaruka mstari, akapanga emoji sita za tarumbeta kisha akaruka mwingine, amekwisha kutumia nafasi yake yote kabla hajasema neno lolote.

Sasa turudi kwenye sentensi yetu tukiwa na hesabu mkononi. Nilikaa chini ya mparachichi nikaihesabu herufi kwa herufi. Neno "mbolea" linaanza kwenye herufi ya 174. Neno "Jumatano" linaanza kwenye herufi ya 216. Neno "umeahirishwa", ambalo ndilo tangazo lenyewe, linaanza kwenye herufi ya 317. Lau picha ile ingewekwa Instagram, kisu kingeangukia katikati ya jina Endebess. Msomaji angeona salamu na orodha ya miji, asijue hata kinachozungumziwa ni nini. Pengine hilo lingekuwa heri, kwa sababu asiyejua chochote hapandi matatu. Katika Facebook mkato ulianguka mahali pabaya zaidi: baada ya habari ya zamani kukamilika na kabla ya habari mpya kuanza.

Hapa ndipo somo la lugha linapoingia. Sentensi ile ina kitenzi kikuu gani? Ni "wanayo furaha". Kisarufi, jambo kuu linaloelezwa ni furaha ya uongozi. Kuahirishwa kwa mauzo kumewekwa ndani ya kishazi tegemezi kilichofungwa kwa "ambao", nacho kikatanguliwa na kirai kirefu cha sababu. Kwa maneno mengine, habari iliyo kuu kwa mkulima imepewa kiti cha mgeni wa mwisho, na mambo ya pembeni yamekalishwa jukwaani. Mtindo huu si wa shirika lile pekee. Ndio Kiswahili cha ofisi zetu, cha barua za machifu, cha kumbukumbu za mikutano na, niungame, cha baadhi yetu vyuoni. Tumefunzwa kwamba sentensi ndefu inayomalizikia kwenye jambo zito ina heshima. Katika karatasi inaweza kuwa nayo, maana karatasi haikati. Msomaji wa barua anaona mwanzo na mwisho kwa jicho moja.

Nomino zetu nazo huchangia. Katika Kiswahili vivumishi na virai vya "wa", "ya" na "la" hufuata nomino, kwa hiyo mtu akianza sentensi kwa nomino yenye mkia mrefu, kitenzi husukumwa mbali. Anza kwa "Mkutano wa wakulima wa mahindi wa wadi zote za eneobunge la Kwanza wa kujadili bei ya gunia la kilo 90", nawe umekwisha kupita nusu ya nafasi ya Instagram bila kusema kama mkutano utakuwepo, ulikuwepo au umefutwa. Yote yaliyotajwa yanaweza kuwa muhimu, lakini yanaweza kungoja. Kitenzi hakiwezi kungoja.

Lakini lugha iyo hiyo inayotuponza imetupa dawa. Kitenzi cha Kiswahili ni kifurushi. Ndani ya neno moja kuna mtenda au mtendwa, wakati, na hali ya kukubali au kukanusha. Tena kikanushi "ha-" hukaa mwanzoni kabisa mwa kitenzi. Chukua neno "haitauzwa". Hata kisu kikianguka katikati yake, ikabaki "haita" na nukta tatu, msomaji amekwisha kujua kwamba kuna jambo halitakuwa. Linganisha na "umeahirishwa", "umesitishwa" au "umefutwa". Vitenzi hivi vina umbo la kukubali; ukanushi wake umo katika maana ya mzizi, na mzizi lazima usomwe wote ndipo ueleweke. Kwa tangazo lililo hatarini kukatwa, kitenzi cha "ha-" ni salama zaidi kuliko kitenzi cha kuahirisha, ingawa cha pili kinasikika kuwa rasmi zaidi.

Kwa hiyo nilichukua kalamu nikaliandika tangazo lile upya, shemeji yangu akiwa mhariri wangu. Jaribio la kwanza lilikuwa: "Mbolea ya kupandia haitauzwa Jumatano hii." Akaniuliza, "Jumatano hii gani? Mimi naweza kuisoma Alhamisi." Ana haki. Facebook haipangi machapisho kwa siku pekee. La Jumatatu laweza kumjia mtu Ijumaa kwa sababu rafiki yake ametoa maoni. Maneno "hii", "kesho" na "ijayo" huhesabiwa kuanzia siku ya kuandikwa, ilhali msomaji huyahesabu kuanzia siku anayoyasoma. Tukaweka tarehe. Mwishowe tukapata hili:

"Mbolea ya kupandia haitauzwa Jumatano, Aprili 2. Itauzwa Jumatatu, Aprili 7, saa tatu asubuhi, ghala letu la Kitale.

Malori yanayoleta mbolea yamechelewa njiani. Tunawaomba radhi wakulima wetu wa Kwanza, Kiminini, Endebess na Bungoma, hasa waliokwisha kujiandaa kwa safari. Uongozi unawasalimu nyote."

Aya ya kwanza ina herufi 116, kwa hiyo inaenea hata katika Instagram. Jambo la muhimu zaidi ni mpangilio wake wa ndani. Kitu kinachozungumziwa ni neno la kwanza. Ukanushi umekamilika kufikia herufi ya 28. Siku na tarehe iliyofutwa imekamilika kabla ya herufi ya 50. Tarehe mpya inafuata, kisha saa, kisha mahali. Ukata popote upendapo baada ya nukta ya kwanza: sehemu inayobaki haimdanganyi mtu. Inaweza kumwacha na swali, "Sasa itauzwa lini?", na swali hilo litamfanya abonyeze au apige simu. Haitamfanya apande matatu.

Hiki ndicho kipimo ninachokipendekeza. Usijiulize tu kama mstari wako wa kwanza unavutia. Jiulize: endapo watu wote watasoma sehemu ya juu pekee, na kuitenda, ni nani atakayeumia? Kilicho chini ya mkato kinaweza kuongeza, kueleza, kuomba radhi na kusalimu. Kisiwe kinageuza kilicho juu. Neno kama "lakini", "hata hivyo", "isipokuwa" au "ambao... umeahirishwa" likianguka chini ya mkato, tangazo lina ugonjwa, hata kama kila koma iko mahali pake.

Kipimo hicho ni muhimu zaidi katika kukanusha uvumi. Mwandishi mwingi huanza hivi: "Kumekuwa na habari zinazoenea katika soko la Chwele na kwingineko kwamba ng'ombe wote watapigwa marufuku sokoni kuanzia wiki ijayo..." na ukanushi unakuja baadaye, "habari hizo si za kweli". Kisu kikipita katikati, mkanushaji amegeuka msambazaji wa uvumi, tena akiwa na nembo ya ofisi juu yake. Kuanza kwa "Si kweli kwamba" kunasaidia. Kuanza kwa ukweli wenyewe kunasaidia zaidi: "Soko la ng'ombe la Chwele litaendelea kama kawaida." Uvumi utajwe baadaye, kwa ufupi, ikiwa lazima utajwe.

Najua pingamizi linalonisubiri, kwa sababu nililisikia jioni ile ile kutoka kwa mzee mmoja jirani yetu. "Mwalimu, tangu lini mtu akaingia boma la watu bila salamu? Mnataka tuongee kama polisi?" Pingamizi hili si dogo. Utamaduni wetu wa uandishi umejengwa juu ya kubisha hodi. Watunzi wa tenzi walitanguliza sifa za Mola na kuomba wino na karatasi kabla ya kugusa kisa. Barua zetu za shuleni zilianza kwa kuuliza hali. Mtunzi wa utenzi, hata hivyo, alikuwa na hadhira iliyokaa mkekani, na aliyeandika barua alijua itafunguliwa yote. Hodi ilikuwa mlango wa kuingilia. Katika kioo cha simu hodi ndefu huwa ukuta.

Suluhisho si kuifuta salamu, bali kuifupisha au kuihamisha. Neno moja, "Wakulima," lina herufi tisa tu pamoja na koma. Linamwita mwenye haja na kumheshimu. Salamu ndefu ikae mwishoni, kama nilivyofanya hapo juu, au mwanzoni mwa aya ya pili. Mzee alifikiri, akasema, "Basi ni kama mtu anayekimbia kukuambia ng'ombe wako wameingia shamba la watu. Huyo hakusalimu kwanza. Atakusalimu baadaye." Sikuwa na mfano bora kuliko huo.

Tanzia hutuonyesha mpaka wa kanuni hii. Huko maneno ya majonzi si mapambo. Ni sehemu ya ujumbe, na kuyaondoa ni ukatili. Lakini tazama hatari yake. Tangazo linaloanza "Kwa masikitiko makubwa na kwa kunyenyekea mapenzi ya Mungu, familia ya..." na kufuatwa na majina ya watoto, wakaza wana na mashemeji, likikatwa kabla ya jina la marehemu, huwaacha ndugu walio mbali wakikisia ni nani kati ya waliotajwa aliyeaga. Nimewahi kupokea simu ya mtu aliyekuwa akimlilia mtu aliye hai. Neno "Tanzia" na jina la marehemu vikitangulia, majonzi yote yaweza kufuata kwa urefu unaostahili.

Lipo kosa la upande wa pili pia, nalo ni la makusudi. Kuna wanaokiona kisu hiki wakakifanya mtego: "Hutaamini kilichompata mkulima huyu wa Kiminini alipofungua gunia..." halafu nukta tatu. Huyu amejua vizuri mahali mkato utakapoanguka, akaficha jambo ili abonyezwe. Facebook yenyewe ilitangaza mwaka 2016 kwamba ingevishusha vichwa vya namna hiyo katika mpangilio wake. Mimi sina haja ya kanuni ya kampuni ili nimkosoe. Yeye na mwandishi wa tangazo la mbolea wamefika mahali pamoja kwa njia mbili: mmoja kwa hila, mwingine kwa adabu iliyopita kiasi. Msomaji wa wote wawili ameachwa na sehemu isiyoweza kujitegemea.

Kabla ya kuchapisha, basi, fanya jambo moja ambalo halichukui dakika mbili. Kuza maandishi ya simu yako hadi ukubwa anaoutumia mama yako. Tuma maelezo yako mahali ambapo ni wewe tu unayeyaona, kisha uyatazame yalivyokatwa. Soma kwa sauti sehemu ya juu pekee, bila kubonyeza, mbele ya mtu asiyejua unachotaka kusema. Muulize atafanya nini kesho asubuhi. Akijibu vibaya, usimweleze. Rudi uandike sentensi upya.

Shemeji yangu alirudi Kimilili jioni ile. Jumatatu ya Aprili 7 alipita tena Kiminini, akapata magunia yake mawili ya kilo 50 na kupanda siku mbili baadaye. Mvua ilikuwa imemtangulia. Kwake Kimilili wenye mashamba yanayopakana na lake walikuwa wamekwisha kufukia mbegu. Nilipompigia kumuuliza hali ya shamba alinijibu kwa Kiswahili kisichohitaji kuhaririwa: "Hayajachelewa sana. Lakini nauli ya kwanza haitarudi."

Kitenzi chake, kama ilivyo ada yake, kilianza na "ha-".